Kutoa picha kwenye simu ya bibi iliyopasuka kioo: nilivyofanya hapa Ujiji, hatua kwa hatua

Simu ya bibi ilidondoka kwenye sakafu ya saruji uani kwake Ujiji, ikaangukia uso. Kioo kikapasuka kuanzia kona ya juu kulia mpaka katikati, tachi ikafa upande mmoja na upande wa pili ikawa inajibonyeza yenyewe. Ingekuwa ni simu ya kupigia tu tungemnunulia nyingine yakaisha, lakini mle ndani ndo kulikuwa na picha zote za ukoo na hazikuwepo sehemu nyingine yoyote.

Bibi zamani alikuwa anakaa Kibirizi, nyumba ya karibu na maji. Mwaka 2020 Ziwa Tanganyika lilivyopanda maji yaliingia mpaka chumbani, sanduku lililokuwa chini ya kitanda likaloa lote na albamu ilikuwa humo. Picha za karatasi zikishaloa zikagandana, ukizibandua rangi ya hii inabaki kwenye mgongo wa ile, kwa hiyo tulipofungua tulikuta nusu nusu ya nyuso za watu. Bahati ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo marehemu baba mdogo alikuwa ameipiga albamu nzima kwa simu ya bibi, picha moja moja, amezitandaza kwenye mkeka mlangoni ili apate mwanga, na kwenye nyingi unaona mpaka ukindu wa mkeka pembeni. Hizo ndo picha zenyewe ninazozungumzia.

Nilipofika kutoka safari nikamsalimia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba mume wangu, halafu kabla sijakaa akaniletea simu imefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Akasema, "Hii usimpe mtu. Babu yako yumo humu."

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye hali kama hiyo hiyo, yaani simu inawaka, kioo kinaonesha japo kimepasuka, tachi haifanyi kazi au inafanya vurugu, na simu ina loki. Watu wengi wanapoteza picha kwenye hali hii na siyo mpasuko unaozipoteza, ni kile kinachofanyika baada ya hapo.

Usikubali kuflashi

Hili naliweka mwanzo kwa sababu ukilikosea zilizobaki hazina kazi. Fundi wa kwanza tuliyempelekea, kule Mwanga mjini Kigoma, aliishika kama dakika moja akasema hii loki itasumbua, tuiflashi kwanza, yaani tuifute na kuiwekea mfumo upya, halafu tubadilishe kioo. Nikamuuliza na picha je, akasema zitarudishwa na programu. Nikaichukua simu nikaondoka.

Sababu ni hii. Kioo ni dirisha tu, picha hazikai pale, ziko kwenye chipu iliyochomelewa kwenye bodi ndani na mara nyingi chipu hiyo haijaguswa kabisa na anguko. Ila simu nyingi zilizotoka kuanzia Android 6 na kuendelea zinaandika vitu kwenye hiyo chipu vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo unatunzwa humo humo ndani ya simu na kwa simu nyingi unahitaji na loki yako ndo ufunguke. Ukiflashi kwa kufuta loki, au ukifanya ile ya kurudisha simu kama ilivyotoka dukani, ufunguo wa zamani unatupwa. Picha zinaweza zikawa bado zipo kwenye chipu kama maandishi lakini hakuna wa kuyasoma, hata aing'oe chipu aipeleke wapi. Ndo maana zile programu za kurudisha picha hazisaidii hapo. Simu ya bibi ilikuwa Android 8.1, na hata kama simu yako ni ya bei ndogo na huna hakika kama inafunga au haifungi, ichukulie kwamba inafunga.

Kwa hiyo kazi nzima ni kuifikisha simu ile ile, ikiwa hai, kwenye hatua ya kufunguliwa loki kihalali, basi. Mpasuko ni kikwazo kidogo, loki ndo kubwa.

Kuituliza simu

Niliizima. Nikafungua kava la nyuma nikaangalia betri, nikailaza kwenye meza na kujaribu kuizungusha kama pia. Betri iliyovimba inazunguka kwa sababu tumbo lake limekuwa duara, betri nzima inakwama. Ya bibi ilikwama. Ingekuwa imevimba nisingeichaji wala kuibonyeza, ningetafuta nyingine ya namba ile ile, maana betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Kisha nikabandika selotepu pana ile ya kuonesha juu ya kioo chote, kipande kimoja bila mikunjo. Vipande vya kioo cha simu ni vyembamba mno, vinaingia kwenye kidole usione, na pia kila kipande kinachodondoka kinaongeza ufa. Baada ya hapo nikaichaji ikiwa imezimwa mpaka ikafika kama asilimia 80. Kuchaji ikiwa imezimwa ni muhimu kwa simu inayojibonyeza yenyewe, kwa sababu ikiwa imewaka inajaribu kufungua loki na kukosea muda wote huo wewe uko jikoni.

Kumuuliza mwenye simu

Watu wanaruka hapa wanakimbilia vifaa. Mimi nilikaa na bibi kama saa nzima. Nilitaka kujua vitu vitatu: loki ni ipi, picha zilikuwa zinahifadhiwa wapi, na kama simu iliwahi kuunganishwa na Gmail ya mtu. Hilo la tatu ni kwa sababu pengine picha zilishapanda kwenye Google Photos bila mtu kujua, na kama zimepanda unaingia tu kwenye kompyuta kwa akaunti hiyo unazikuta zote. Kwa bibi akaunti ilikuwepo, aliifungua baba mdogo, lakini nenosiri aliondoka nalo, na bibi mwenyewe data alikuwa anaweka kwa nadra sana.

Loki ilikuwa pateni, ile ya kuunganisha nukta tisa. Nikamuuliza ikoje, akasema hajui. Kweli hajui kuielezea, yeye kidole ndo kilikuwa kinajua. Nikachora nukta tisa kwenye karatasi akachanganyikiwa, akaanzia kati, akafuta, akaanzia pembeni. Simu yenyewe tachi haipo ya kujaribia.

Shangazi alikuwa pale anachekecha unga wa muhogo. Nikauchukua ungo, nikausawazisha unga kwa kiganja, nikabonyeza nukta tisa kwa kidole, nikauweka kwenye mapaja ya bibi pale anapopakatia simu siku zote, nikamwambia bibi usifikirie, fungua tu simu uangalie nani kapiga. Akanyoosha kidole gumba cha kulia na kikaenda chenyewe: juu kushoto, kikashuka mpaka chini, kikaenda kulia mpaka mwisho, halafu kikapanda kimoja. Nikausawazisha tena unga, akarudia. Mara tatu, ile ile. Nikaipiga picha kwa simu yangu ule mchoro kwenye unga kabla shangazi hajauchukua.

Nasisitiza hili kwa sababu Android ukikosea pateni mara tano inakusimamisha sekunde 30, na ukiendelea kukosea unasubiri zaidi na zaidi. Ukibahatisha unajifungia mwenyewe. Kama mzazi hakumbuki, mpe kitu cha ukubwa wa simu mkononi, akae anavyokaaga, na umwache mkono wake ufanye.

Memori kadi kwanza

Nikatoa betri, nikatoa memori kadi iliyokuwa chini yake. Kadi ndo njia rahisi kuliko zote kwa sababu kama picha ziko humo huihitaji simu kabisa. Lakini usiichomeke kwenye kompyuta ya stesheneri hivi hivi. Kompyuta nyingi za kuchapishia zina vile virusi vinavyoficha mafolda na kukuachia njia za mkato tu, na ukikuta hivyo kwenye kadi yenye picha pekee utaumwa. Ile adapta kubwa ya kuvalishia kadi ndogo ina kitufe kidogo cha kusogeza ubavuni kimeandikwa "Lock". Kisogeze upande wa "Lock" kabla ya kuchomeka, hapo kompyuta inasoma tu, haiandiki kitu. Hii inahitaji adapta ile ya kuingia kwenye tundu la kadi la kompyuta au kadi rida kubwa, vile vya flashi vidogo vya kuchomeka kadi moja kwa moja havina hicho kitufe.

Na kama kompyuta ikikuambia kadi inahitaji kufomatiwa, kataa, toa kadi. Pengine ilikuwa imewekwa kama sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, na kadi ya namna hiyo haisomeki popote isipokuwa kwenye simu ile ile. Irudishe ndani ya simu ukae nayo humo.

Ya bibi ilisomeka. Nikakuta kwaya, kaswida za jirani, na picha 27 za harusi ya binamu. Albamu haipo. Maana yake kamera ilikuwa inahifadhi kwenye simu yenyewe, kwa hiyo lazima tuingie ndani.

Mausi na waya wa OTG

Hapa ndo penyewe. Simu nyingi za Android zinakubali mausi ya kawaida ya kompyuta, ile ya waya. Unachohitaji ni kawaya kafupi kanaitwa OTG, upande mmoja kanaingia kwenye tundu la chaji la simu, upande mwingine kana tundu la USB unachomeka mausi. Angalia tundu la simu yako, zile za zamani ni USB ndogo bapa na mpya ni Type-C, waya ni tofauti. Mimi nilinunua shilingi 3,000 sokoni Mwanga, mausi nikaazima kwa kijana wa stesheneri. Siyo kila simu inakubali, ila unajua ndani ya sekunde chache: ukichomeka unaona kimshale kwenye kioo.

Kabla sijawasha nikaweka kadi mpya tupu ya GB 32 pale ilipokuwa ya zamani. Fikiria vizuri hapa, tundu la simu ni moja na mausi imeshalikalia, kwa hiyo huwezi kuunganisha na kompyuta wakati huo huo. Picha inabidi zitoke ndani ziende kwenye kadi, na kwenye simu ambayo kadi inakaa chini ya betri huwezi kuiweka baadaye bila kuzima na kuanza kufungua loki upya. Iweke mapema.

Nikawasha jioni, bibi pembeni kwenye kigoda. Kimshale kikatokea. Nikaanza kuchora pateni, unabonyeza kitufe cha kushoto cha mausi unakishikilia huku unaburuta kutoka nukta mpaka nukta, ukiachia tu inahesabu umemaliza. Nikafika nukta ya tatu simu ikajibonyeza yenyewe pembeni, ikahesabu kosa. Nikarudia, kosa. Mara ya tano ikaniambia nisubiri sekunde 30, na bibi akaniuliza kama imekufa.

Nikaacha kabisa, nikabonyeza kitufe cha pembeni kioo kizime, nikakaa nikafikiri. Kujibonyeza kunatoka kwenye ile tabaka ya tachi iliyovunjika, inatoa ishara za uongo, na zinazidi simu ikiwa na joto au ikiwa kwenye chaja, hasa hizi chaja za bei chee zinazopitisha umeme usiotulia. Kwenye chaja haikuwa, lakini ilikuwa ya moto, na nilikuwa nimeishika kwa mkono kioo juu na kiganja kinagusa ukingo uliopasuka. Nikaiweka juu ya kitambaa kikavu mezani, sikuigusa, tukala. Baada ya kama nusu saa nikawasha kioo na kabla vurugu haijaanza nikachora haraka, kushuka, kulia, kupanda kimoja. Ikafunguka. Nimegundua hii simu ikitoka kulala ilikuwa inatulia kama sekunde kumi hivi kabla ya kuanza, kwa hiyo dirisha lako ni hilo. Jizoeze ule mchoro kwa mausi kwenye simu nyingine kwanza mpaka mkono uzoee.

Kama vurugu haiishi kabisa, nenda kwa fundi unayemwamini umwambie achomoe waya wa tachi peke yake kama simu yako inao tofauti na wa kioo, mausi itaendelea kufanya kazi bila tachi. Kwenye simu ambazo tachi na kioo ni kitu kimoja hilo haliwezekani, inabidi kioo kingine.

Ukishaingia

Kwanza hakikisha hutatolewa nje. Nikaingia setingi, kwenye Display nikaweka "Sleep" dakika 30, nikapunguza mwanga, nikaweka hali ya ndege. Kisha nikaingia kwenye usalama nikaondoa loki, unaombwa pateni mara moja ya mwisho halafu unachagua "None". Kuondoa loki kwa njia hii, ukiwa ndani na kwa pateni sahihi, hakufuti picha, ni tofauti kabisa na kuflashi. Sasa hata simu ikizima ghafla unarudi ndani bila kazi.

Simu ikaniuliza kuhusu kadi mpya, ikatoa machaguo mawili. Chagua "Use as portable storage". Ukichagua ile nyingine ya "Use as internal storage" kadi inafungwa na simu hiyo na hautaisoma kwenye kompyuta, kwa hiyo utakuwa umehamisha picha kutoka gereza moja kwenda lingine.

Nikafungua Files. Kwa mausi, kushikilia kitufe cha kushoto ni sawa na kubonyeza muda mrefu kwa kidole, gurudumu linapandisha na kushusha, na kitufe cha kulia kwa simu nyingi kinarudisha nyuma. Nikachagua folda ya DCIM, ile ambayo kamera inawekea picha, nikachagua "Copy to", nikaelekeza kwenye kadi. Kopi, siyo kuhamisha. Ukihamisha na betri ikakata katikati kuna picha ambayo haitakuwa huku wala kule. Baada ya DCIM nikafanya Pictures, kisha folda ya WhatsApp, humo ndani Media na WhatsApp Images ndo kuna picha mlizotumiana. Kwenye simu za Android 11 na kuendelea folda hiyo ukiikosa pale angalia ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp.

Ilianza na asilimia 71, ikamaliza na 52, mausi nayo inakula chaji. DCIM ilikuwa na picha 214, kama MB 460 hivi, ilichukua dakika chache tu. Wakati inakopi umeme wa mtaa ukakatika, tukabaki na mwanga wa simu iliyopasuka na bibi anahesabu majina ya watu kila picha ndogo inapopita.

Kuhakiki, na picha moja ambayo haikuwepo

Usizime ukaona umemaliza. Niliangalia idadi, 214 kwenye simu na 214 kwenye kadi. Halafu nikafungua picha za mwanzo, za katikati na hasa za mwisho kwenye kadi, nikazikuza mpaka nione nyuso. Hili la za mwisho lina sababu. Kuna kadi feki nyingi, zimeandikwa ukubwa ambao hazina, na kadi ya hivyo inapokea kila kitu bila kulalamika, majina ya mafaili yanaonekana, ila zile zilizozidi ukubwa wake wa kweli ukifungua ni kijivu au hazifunguki. Idadi peke yake haitakuambia.

Picha 61 za albamu zilikuwepo, mkeka na ukindu wake. Bibi akaziangalia zote kwenye simu yangu kisha akasema, "Ile ya Liemba haipo."

Ni picha ya babu amesimama bandarini Kigoma mbele ya MV Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Babu alikuwa anabeba mizigo pale. Ndo picha pekee ambayo yuko kijana. Mtu alikuwa ameifuta, tukadhani ni watoto walipokuwa wanapunguza nafasi wapate gemu.

Nikarudi kwenye Files, nikawasha chaguo la kuonesha mafaili yaliyofichwa. Ndani ya DCIM kuna folda inaitwa .thumbnails, ile nukta mwanzoni ndo inaificha. Simu za Android kabla ya 10 zinatengeneza picha ndogo za galari na kuziweka humo, na picha kubwa ikifutwa mara nyingine ile ndogo inabaki. Zilikuwa mamia, majina ni namba tu. Nikazikopi zote kwenye kadi, nikazifungua moja moja kwenye kompyuta kesho yake, na kama saa nzima baadaye nikaikuta. Babu, shati jeupe, mkono kiunoni, meli nyuma.

Ina ukubwa wa 512 kwa 384. Hicho ni kidogo, ukichapisha kwa ubora wa studio unapata kama sentimita 4.3 kwa 3.3, yaani karibu na pasipoti. Kijana wa studio alitaka kuivuta iwe kubwa ya ukutani, nikamwomba asifanye hivyo kwanza, maana ikivutwa uso unakuwa mawingu. Tukaichapisha ndogo vile vile. Bibi akaishika kwa ncha za vidole akaniuliza, "Mbona wamemfanya mdogo hivi? Alikuwa mrefu huyu, akiingia mlangoni anainama." Nikamweleza kwamba hiyo ndo iliyobaki, na akaiweka kwenye pochi yake ya ndani, ile anayofungia hela.

Kama kioo ni cheusi kabisa

Ikiwa simu inaita au inatetemeka lakini huoni kitu, mausi haitakusaidia kwa sababu huoni kimshale. Njia ya uhakika ni fundi kuchomeka kioo kingine cha simu aina hiyo hiyo kwa muda, bila hata kukigundisha, ufungue loki, ukopi, akichomoe. Mwambie hivyo hivyo, nataka kioo cha kujaribia nitoe picha, na usiondoke pembeni yake. Kuna video zinaelekeza kutumia adb, programu ya kuamrisha simu kutoka kwenye kompyuta, ila hiyo inataka setingi ya USB debugging iwe ilishawashwa na kompyuta iwe imekubaliwa kabla simu haijaharibika, na simu ya bibi nani angeiwasha. Ukiunganisha waya tu kwenye kompyuta nayo, simu nyingi zinachaji bila kuonesha mafaili mpaka ufungue loki na kuchagua kuhamisha mafaili.

Zimekaa wapi sasa

Kadi ya GB 32 imo kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, juu ya kabati na siyo chini ya kitanda. Kopi nyingine iko kwenye laptopu ya dada yangu Dar, na ya tatu nimepandisha mtandaoni kwa akaunti ambayo watu wawili wa familia tuna nenosiri. Kwenye grupu la ukoo nilizituma kama dokumenti, siyo kama picha, kwa sababu wasapu ikizipokea kama picha inazibana na zile za albamu zilishapigwa mara moja juu ya karatasi, hazina cha kupoteza zaidi. Nilipozituma shangazi wa Uvinza akapiga simu analia, alikuwa hajawahi kumuona mama yake akiwa msichana.

Simu yenyewe ya zamani hatujaiuza wala kuiflashi. Nimetoa betri, nimeifunga kwenye kile kile kitambaa cha kanga, iko kwa bibi. Kuna folda ya video moja ilikataa kukopi, ina sauti ya baba mdogo akiita majina ya watu waliomo kwenye albamu, na nikipata kioo cha aina ile nitarudi kuijaribu tena.